Nyaminyami na Ukuta wa Kariba: Mzimu wa Mto Anatetea Nani?

Katika hadithi fupi na miswada ya filamu ninayoletewa na wanafunzi wangu kila muhula, kuna mhusika mmoja ambaye sasa namfahamu kama jirani. Ni mzimu wa msitu au wa mto. Ameishi kwa amani tangu enzi za mababu, akiwapenda ndege na samaki. Kisha linakuja tingatinga. Mzimu anakasirika, tingatinga linazama matopeni, mwekezaji anakimbia, watoto wa kijiji wanapanda miti, hadithi inakwisha. Nia ni njema na lugha mara nyingi ni nzuri. Shida yangu ni kwamba mzimu huyu hana makazi maalumu, hana mlinzi, hana masharti, wala hana mtu anayemwogopa kabla tingatinga halijafika. Mtoe Uluguru umpeleke Amazoni, hatabadilika hata unywele mmoja.

Nataka kueleza kwa nini jambo hilo linanisumbua, na nitafanya hivyo kwa kutumia mzimu mmoja tu, ambaye pengine ndiye maarufu kuliko wote kusini mwa Afrika: Nyaminyami wa mto Zambezi. Nimemchagua kwa sababu yeye ameshapitia safari yote ambayo waandishi wetu wanataka kuwapitisha mizimu ya kwetu. Alikuwa katika imani za wenyeji, akaingia katika vitabu, akachongwa kwenye fimbo za kuuzia watalii, na leo anatajwa kila bwawa la Kariba linapopata matatizo. Tunaweza kutazama kilichobaki na kilichopotea njiani.

Hadithi inayosimuliwa sana ni hii. Nyaminyami ana mwili wa nyoka na kichwa cha samaki. Aliishi na mkewe katika bonde la Gwembe, nchi ya Watonga, pale Zambezi inapoingia kwenye mlango mwembamba wa miamba. Miaka ya njaa aliwaruhusu watu wakate vipande vya mwili wake wakale, na jina lake huelezwa na wengi kuwa latokana na vipande hivyo. (Mswahili hahitaji mkalimani kusikia neno “nyama” humo ndani.) Wazungu walipoanza kujenga ukuta mwaka 1955, mkewe alikuwa upande wa chini, yeye upande wa juu. Wazee wakasema Nyaminyami hatakubali kutenganishwa. Mwaka 1957 mto ukafurika na kuharibu kazi. Mwaka 1958 ukafurika tena, safari hii kwa kiasi ambacho wahandisi hawakutarajia kabisa: takribani mita za ujazo 16,000 kwa sekunde. Daraja la kazi likasombwa. Wafanyakazi wakafa, na hesabu iliyohifadhiwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Barbara pale Kariba ni ya watu 86 kwa kipindi chote cha ujenzi. Hata hivyo ukuta wa mita 128 ukakamilika, na Mei 1960 mama yake Malkia wa Uingereza akaufungua. Inasemekana Nyaminyami bado anasubiri, na kila tetemeko linapotikisa bonde hilo watu husema ni yeye, anapapasa ukuta akimtafuta mkewe.

Ni hadithi ya kusisimua, sikatai. Lakini msomaji akitoka hapo akafungua kazi za Elizabeth Colson, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti Gwembe pamoja na Thayer Scudder mwaka 1956, kabla watu hawajahamishwa, atakutana na ulimwengu mwingine. Katika kazi hizo nafasi kubwa haiendi kwa nyoka. Inakwenda kwa vitu viitwavyo *malende* na kwa watu waitwao *sikatongo*.

Malende ni mahali pa matambiko ya ujirani. Pengine ni kaburi la mtu aliyetangulia kukaa hapo, pengine ni mbuyu, pengine chemchemi au kichaka ambacho hakikatwi. Kila ujirani ulikuwa na pake, na mvua ya ujirani huo ilihusishwa na mahali hapo. Sikatongo ndiye mwangalizi wake. Hakuwa mfalme, Watonga wa bondeni hawakuwa na wafalme, na machifu waliletwa na utawala wa kikoloni. Kazi ya sikatongo ilikuwa kuanzisha kupanda, kuongoza tambiko la mvua, na kuonja mavuno ya kwanza kabla wengine hawajala. Mtu aliyetangulia kula alikuwa amevunja mwiko, na kama mvua ikikatika mwaka huo watu walijua pa kuanzia kuuliza.

Upande wa pili wa maisha hayo ni mashamba. Watonga wa Gwembe walilima mara mbili kwa mwaka. Walilima mashamba ya juu wakati wa mvua, na mto ulipofurika kisha ukashuka, walipanda kwenye udongo mweusi ulioachwa na maji kando ya kingo. Shamba la kingoni lilikuwa mali ya thamani, lilirithiwa na kugombewa, kwa sababu katika bonde lenye mvua za kubahatisha ndilo lililotenganisha mwaka wa shida na mwaka wa njaa. Furiko, basi, halikuwa hasira ya mtu yeyote. Lilikuwa mbolea. Kilichoogopwa ni furiko kuchelewa, au kuja dogo, au kurudi ghafla baada ya mbegu kuota.

Sasa mrejee mzimu wa miswada ya wanafunzi wangu. Anafurikisha mto kwa sababu amekasirika, na furiko ni adhabu. Kwa mkulima wa Gwembe hilo ni jambo geni. Yeye angesema mzimu aliyekasirika ni yule anayezuia maji. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo, lakini inaonyesha mara moja kama mwandishi amewahi kuuliza watu wa mto wanaishi vipi, au amechukua tu picha ya mungu mwenye hasira kutoka sinema na kumvisha majina ya kwetu.

Mizimu ya namna ya malende haikulinda “mazingira”. Neno hilo, kwa maana tunayoitumia leo, halikuwapo. Ililinda uhusiano baina ya watu fulani na mahali fulani, kwa masharti yanayojulikana, chini ya mtu anayejulikana jina. Kichaka kilisimama kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuliza nani amekata tawi, na watu waliokubali kwamba ana haki ya kuuliza. Msitu ulio nje ya mipaka hiyo ulifyekwa bila wasiwasi, maana watu walihitaji kula. Anayewasimulia Watonga kama wapenzi wa maumbile waliokaa bila kugusa kitu anawavunjia heshima kwa njia ya kuwasifu. Walikuwa wakulima, wavuvi na wafugaji, na walikuwa na sheria za ardhi.

Kwa nini basi nyoka amewafunika malende na sikatongo? Sehemu ya jibu iko katika nani alisimulia, na lini. Nyaminyami alipata umaarufu wa dunia wakati ule ule wa ujenzi, kupitia magazeti na vitabu vya walowezi. Frank Clements alichapisha mwaka 1959 kitabu kuhusu Kariba ambacho jina lake lenyewe linatangaza pambano na mungu wa mto. Kwa mtu wa enzi ile hadithi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Upande mmoja kuna mhandisi, jasiri, ana karatasi zake za hesabu. Upande wa pili kuna joka la kale. Joka linashinda mara mbili, mwishowe mhandisi anashinda. Hata vifo vya wafanyakazi, wengi wao Waafrika, vinageuka kuwa sadaka ya vita vitukufu. Joka likiwa kubwa zaidi, na ushindi ni mkubwa zaidi.

Tazama sasa ni nani hayumo katika pambano hilo. Hayumo waziri wala mwenye benki. Bwawa halikuangukia Kariba kwa bahati. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilikuwa na mradi mwingine mezani, wa mto Kafue, ulioko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1955 Kariba ikapewa nafasi ya kwanza, na kituo cha kuzalishia umeme kikawekwa ukingo wa kusini, upande wa Rhodesia ya Kusini. Wanasiasa wengi wa kaskazini waliona hilo kama kunyang'anywa, maana umeme mwingi ulihitajiwa na migodi ya shaba ya kwao. Mwaka 1956 Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 80, mkubwa kuliko wote iliowahi kutoa kwa mradi mmoja hadi wakati huo. Hayo yote yana tarehe na sahihi za watu. Yanaweza kuulizwa na kupingwa. Joka haliulizwi.

Hawamo pia Watonga wenyewe, isipokuwa kama watabiri waliokaa kando wakitikisa vichwa. Watu wapatao 57,000 walihamishwa pande zote mbili za mto. Waliambiwa maji yatajaa mahali pasipowahi kujaa, na wengi hawakuamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mto unaosimama. Septemba 10, 1958, katika eneo la chifu Chipepo, wanaume wenye mikuki walikataa kupanda malori. Polisi wakafyatua risasi. Wanane wakafa. Hapo Chisomu hapakuwa na nyoka yeyote majini; walikuwapo watu waliosema hapana na serikali iliyojibu kwa bunduki. Nimekutana na wasomaji wengi wa hadithi ya Nyaminyami wanaojua habari za mke aliyetenganishwa na mumewe, na hawajawahi kusikia jina Chisomu.

Na ipo kampeni nyingine ya miaka hiyo iliyojulikana duniani kote, ile ya kuwaokoa wanyama waliokwama kwenye visiwa maji yalipopanda. Kikosi cha Rupert Fothergill kiliwaokoa zaidi ya wanyama 5,000, na picha za swala wakibebwa kwenye mashua zilichangisha fedha nyingi Ulaya. Siwalaumu waliofanya kazi ile ngumu. Nasema tu kwamba hadithi ya mungu wa mto na hadithi ya safina ya wanyama ziliweza kukaa pamoja vizuri kabisa, bila mwanadamu wa Gwembe kutokea katikati yake.

Waliopelekwa Lusitu, zaidi ya kilomita 150 kutoka makwao, walifika kwenye ardhi yenye wenyewe. Ilikuwa na malende yake na waangalizi wake, watu wa kabila jingine. Sikatongo aliyetoka Gwembe hakuwa na la kufanya hapo, kwa sababu mamlaka yake yalifungwa na mahali, na mahali pake palikuwa chini ya maji. Mwaka 1959 ugonjwa wa ghafla ukaua watu zaidi ya hamsini, karibu wote wanawake na watoto. Wataalamu walishuku mmea wenye sumu uliochumwa na watu wasioujua msitu mpya. Wahamiaji wenyewe waliona wamewekwa kwenye mizimu isiyo yao. Mimi naona maelezo haya mawili hayako mbali kama yanavyodhaniwa. Yote yanasema kwamba watu walitolewa mahali walipokuwa na elimu wakapelekwa wasipokuwa nayo. Hapa ndipo ningemtuma mwandishi anayetaka kuandika kuhusu mizimu na mazingira. Janga la mizimu ya Gwembe halikuwa hasira. Lilikuwa kukosa kazi.

Baada ya kusema hayo, nisingependa msomaji adhani natupilia mbali kisa cha nyoka. Kina jambo moja ambalo ripoti za wakati ule hazikulitilia maanani: utengano. Ukuta ulikata mto vipande viwili. Chini ya ukuta furiko la kila mwaka halikuja tena kwa wakati wake. Maji yaliachiliwa kwa ratiba ya mitambo, na milango ilipofunguliwa wakati usiotarajiwa, mashamba ya kingoni ya watu wa chini yalisombwa mazao yakiwa bado shambani. Mume juu, mke chini, na kati yao ukuta: kwa mwanahaidrolojia hiyo ni picha sahihi kuliko picha ya joka linalopiga zege kwa mkia. Ajabu ni kwamba waandishi wengi huiona sehemu hii kuwa ya mapenzi tu, wakakimbilia mkia.

Hata habari ya kwamba Nyaminyami “anachimba chini ya ukuta” ina maelezo yanayoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mafuriko ya 1957 na 1958 yaliwafundisha wahandisi kwamba walikuwa wameukadiria mto kwa udogo, wakaongeza milango ya kumwagia maji. Leo iko sita. Maji yanayotoka humo yanaruka kutoka juu na kutua kwenye dimbwi chini ya ukuta. Kwa miaka ishirini hivi ya mwanzo milango ilipokuwa ikifunguliwa kwa muda mrefu, maji hayo yalichimba mwamba hadi shimo likafikia kina cha takribani mita 80, na mmomonyoko ukawa unaelekea kwenye msingi. Ukarabati mkubwa wa dimbwi na milango ulianza mwaka 2017. Matetemeko nayo yanajulikana: uzito wa maji ya ziwa lenye urefu wa kilomita 280 uliamsha nyufa za zamani ardhini, na kubwa kuliko yote lilitokea Septemba 1963, ziwa lilipokuwa limejaa. Msimuliaji akitaka kusema hiyo ni kazi ya Nyaminyami, na aseme. Lakini aseme akijua kwamba anayechimba ni mto wenyewe, kwa mlango uliofunguliwa na mwanadamu.

Na ziwa likishuka? Mwishoni mwa Novemba 2022 maji yanayoweza kutumika kuzalisha umeme yalipungua hadi chini ya asilimia tano, na mamlaka ya mto ikaitaka Zimbabwe isimamishe uzalishaji upande wake. Harare ikakaa gizani saa nyingi kwa siku. Mitandaoni nilisoma mizaha kuhusu Nyaminyami aliyehama. Mkulima wa Gwembe wa mwaka 1950 asingecheka. Kwake maji kukataa kuja ndiyo ishara halisi ya uhusiano ulioharibika.

Kuna riwaya moja ya siku hizi ambayo naona imeielewa Kariba bila kuitegemea hasira ya nyoka. Ni ya Namwali Serpell, mwandishi wa Zambia, iliyotoka mwaka 2019. Anafuata familia tatu kwa zaidi ya karne moja, na bwawa linajengwa mbele ya macho ya wahusika wake, mmoja wao akiwa Mwitalia aliyekuja na kampuni ya ujenzi. Sauti inayozungumza baina ya sura ni ya kundi la mbu. Si mzimu mwenye hadhi. Ni kiumbe anayeuma, anayebeba ugonjwa, asiyempenda mtu na asiyemchukia. Mwishoni vijana wanajaribu kulitumia bwawa kwa siasa zao, kwa msaada wa mitambo midogo inayoruka kama wadudu, na mambo yanawatoka mikononi. Kuanguka kunatokana na makosa ya watu juu ya makosa ya watu. Msomaji hatoki akiwa ametulizwa kwamba maumbile yamelipiza kisasi na sasa hesabu zimelingana.

Mfano wa pili uko mbali, Japani, lakini wanafunzi wangu wanaufahamu kuliko wanavyomfahamu Nyaminyami: filamu ya Hayao Miyazaki iitwayo Mononoke Hime, ya mwaka 1997. Wanaponiletea mungu wa msitu, mara nyingi ameazimwa humo, na wanaazima kilicho rahisi. Wanachukua mbwamwitu na msitu unaong'aa. Wanamwacha Eboshi, mwanamke anayefyeka msitu ili kuyeyusha chuma. Katika mji wake amewapa kazi wagonjwa wa ukoma na wanawake waliotolewa kwenye madanguro. Akishindwa, hao watarudi walikotoka. Miyazaki hakumfanya kuwa shetani. Mungu wa msitu naye si mama mpole. Anaotesha na anaua kwa hatua ile ile. Mwishoni kijani kinarudi mlimani, lakini mungu huyo amekufa. Hakuna anayepata alichotaka kwa ukamilifu. Kariba nayo ilikuwa na Eboshi wake: mchimbaji wa shaba wa Kitwe aliyehitaji mshahara, hospitali ya Lusaka iliyohitaji taa. Hadithi isiyowapa hao nafasi ya kusema inamdanganya msomaji kuhusu bei.

Kuna jambo dogo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ziwa jipya lilikuwa na eneo pana la maji ya wazi ambalo samaki wa mtoni hawakuweza kulitumia. Mwaka 1967 na 1968 dagaa walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika wakamwagwa Kariba. Walizaana wakajaa, na leo huitwa kapenta. Huvuliwa usiku kwa taa kutoka kwenye majukwaa yanayoelea, ambayo yanahitaji mtaji, na kwa miaka mingi wenye mtaji hawakuwa Watonga. Basi ukifika Binga, upande wa Zimbabwe, ambako wahamishwaji wengi walitupwa na ambako vijiji vingi vilikaa miongo kadhaa bila umeme wa bwawa lililowahamisha, utaona samaki wa Kigoma akivuliwa na kampuni za watu wengine juu ya mashamba yaliyozama ya babu zao. Wilaya jirani ilibeba jina la Nyaminyami, na mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa mbili za kwanza Zimbabwe kupewa mamlaka ya kunufaika na wanyamapori wake. Fedha zilipitia halmashauri. Mzimu alipata ofisi, na wenye mzimu wakaendelea kungoja mgao.

Nafika Rufiji, maana wanafunzi wangu hawaandiki kuhusu Zambezi. Wanaandika kuhusu Hongo. Kwa wasomi wa vita vya Majimaji huyo si mgeni: ndiye mzimu wa majini anayesimuliwa kumchukua Kinjikitile Ngwale hadi ndani ya bwawa la mto pale Ngarambe mwaka 1904, naye akatoka siku iliyofuata nguo zikiwa kavu. Ebrahim Hussein alimpeleka Kinjikitile jukwaani mwaka 1969, na alichokiuliza hakikuwa kama mzimu yupo. Aliuliza nani analitumia neno lililotoka majini, na kwa faida ya nani. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022, na muda si mrefu Hongo akaanza kunijia mezani akiwa amekasirika, anapiga ukuta kwa mkia.

Kwa hiyo huwa nawarudishia miswada na maswali ya mtu wa Rufiji. Kilimo cha mlau, kile cha kupanda kwenye udongo mbichi furiko linaposhuka, kiko wapi katika hadithi yako? Huo ndio ndugu wa mashamba ya kingoni ya Gwembe, na Hongo wako hajui neno lenyewe. Mhusika wako mzee, je, alihamishwa kutoka bondeni kwenda juu katika Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya sitini? Kama ndiyo, ukuta si kitu cha kwanza kumtenga na mto, na aliyemtenga mara ya kwanza hakuwa mgeni mwenye tingatinga. Ilikuwa serikali tuliyoichagua wenyewe, ikisema inamwokoa na mafuriko. Aprili 2024 maji yalipojaa Rufiji na Kibiti, wapo wananchi waliosema bwawa ndilo lililofunguliwa, na serikali ikajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hongo wako anajua nini kuhusu ubishi huo? Ana shahidi? Nani anatambika kwake leo, na anatoka kijiji gani? Na yule nesi wa Morogoro anayezalisha kwa taa ya simu umeme unapokatika, naye umempa ukurasa?

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinijibu kwamba nikiendelea hivyo hakutabaki mzimu, itabaki ripoti ya halmashauri. Pingamizi lake nililipenda. Alirudi baada ya wiki tatu na hadithi ya kurasa tisa. Hongo hasemi neno ndani yake wala haonekani. Bibi mmoja anashuka kila alfajiri kutazama kijiti alichokichomeka ukingoni kupima maji, kama mama yake alivyofanya, na kila siku maji yako pale pale, hayapandi wala hayashuki. Siku ya kumi na mbili anaking'oa kijiti.